UZI: Sauti ya kongoti mzee kwenye filamu ya katuni. Nimebana koo hadi limekauka, na bado si yeye

SautiYaKirumba (mleta uzi)

Wadau, habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili kwa muda mrefu bila kuchangia, lakini leo nimefikwa na jambo linalohitaji watu wenye uzoefu.

Kazi yangu ya kila siku ni kusherehesha harusi na kusoma matangazo ya biashara hapa Mwanza. Mwezi uliopita vijana fulani wanaotengeneza filamu fupi ya katuni, ya dakika 11, walinipa nafasi ya kuigiza sauti. Hadithi inamhusu mtoto wa mvuvi wa dagaa na kongoti mmoja mzee anayeishi juu ya jabali karibu na mwalo. Mimi ndiye kongoti. Kwa wasiomfahamu kwa jina hilo, ni yule ndege mrefu mwenye kipara na mfuko unaoning'inia shingoni, ambaye hapa mjini humkosi sokoni wala jalalani.

Picha bado hazijachorwa. Wao wanarekodi sauti kwanza, kisha mchoraji ndiye anayeufuatisha mdomo na mwili kwa kile alichokisikia, kwa hiyo sina picha ya kuegemea. Nilifanya nilichodhani ni sahihi: niliishusha sauti, nikabana koo, nikaweka mkwaruzo. Dakika 20 za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Siku ya pili koo lilikuwa limekauka, na mwongozaji aliposikiliza tukio la kwanza na la tano akaniambia kwamba hao ni wazee wawili tofauti.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliwasikilizisha wapwa zangu rekodi ile bila kuwaeleza chochote, nikawauliza wanamsikia nani. Mkubwa wao, mwenye miaka 8, alinijibu: "Ni anko, anaigiza babu."

Sentensi inayonishinda kuliko zote ni ile ambayo kongoti anamwambia mtoto jioni, mtoto akiwa anajiandaa kurudi nyumbani: "Ukiona ziwa limenyamaza, usilipe mgongo." Nimeirudia zaidi ya mara 30. Naomba mwenye ujuzi anieleze mhusika anajengwaje kwa sauti peke yake. Nimeambatanisha vipande viwili, cha tukio la kwanza na cha tukio la tano.

DrBesi

Mkuu, usijitese. Uzee ni besi. Rekodi kwa sauti yako ya kawaida, kisha kwenye kompyuta ushushe kimo cha sauti kwa nusutoni tatu au nne, umepata mzee. Hata wakubwa walifanya hivyo. Mel Blanc, yule aliyeigiza sauti ya sungura Bugs Bunny na karibu kijiji kizima cha wahusika wenzake, alitumia sauti inayokaribiana kwa bata Daffy na paka Sylvester, ila ya bata ikaongezwa kasi kwa mitambo. Kama mitambo ilimfaa yeye, itatufaa na sisi.

MzeeWaBanda

Vijana, hilo la kutafsiri filamu nimelifanya miaka mingi. Nilikuwa na banda la video Igoma, na nilikuwa nafasiri mwenyewe papo kwa papo, filamu za Kichina na za Kihindi, kipaza sauti mkononi na maji pembeni. Ushauri wangu ni kwamba usiache ukimya hata kidogo, kwa sababu mtazamaji akisikia ukimya anadhani umeme umekatika. Na kila mhusika mpe jina la mtaani ili watu wamkumbuke.

SautiYaKirumba

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru, ila hapa hakuna filamu ya kutafsiri. Picha yenyewe haijachorwa, na mimi ni mhusika mmoja tu. Au labda sikueleza vizuri.

MzeeWaBanda

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa sasa, macho yangu yaliruka aya ya pili. Basi nikuongezee kitu kimoja. Nilipokuwa nafasiri peke yangu, nilikuwa na watu 10 ndani ya koo moja, na sikuweza kubadilisha koo mara 10 kwa saa mbili. Nilichokuwa nabadilisha ni mwendo. Jambazi mkuu alikuwa anaongea taratibu kwa sababu hakuna anayethubutu kumkatiza, na wafuasi wake waliongea haraka haraka kwa sababu wanaogopa kukatizwa. Watu bandani walikuwa wanajua nani anaongea hata wakiwa wametoka nje kununua karanga.

MamaWaMichezo

Nimeingia kwa sababu ya sentensi hiyo ya mwisho ya mzee wetu, ambayo ina uzito kuliko anavyoichukulia. Niliigiza michezo ya redio kwa miaka mingi, kisha nikafanya sauti za katuni za watoto Dar es Salaam kabla ya kurudi nyumbani Nyegezi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Mnivumilie.

Nianze na ndugu DrBesi, ambaye yuko sahihi nusu. Ni kweli kwamba mitambo hutumika, na ni kweli kuhusu yule bata. Lakini angalia upande ulikoelekea: kuongeza kasi humfanya kiumbe awe mdogo na mwepesi, na kushusha kimo humfanya awe mkubwa, kana kwamba koo lake limerefuka na kifua kimepanuka. Hakumzeeshi. Ukimshusha kongoti kwa nusutoni nne utapata jitu, si mzee. Na hata bila mitambo, dhana kwamba wazee wa kiume wana besi si sahihi sana. Msikilize babu wa miaka 80 kwa makini: mara nyingi sauti ya mwanamume ikizeeka hupanda kidogo na kuwa nyembamba, inatetemeka pembeni, na ni ya mwanamke ndiyo inayoshuka. Besi nzito ni ya mwanamume wa makamo anayetangaza bia.

Hapo ndipo nilipokusikia wewe, mleta uzi. Nimevisikiliza vipande vyako vyote viwili. Chini ya mkwaruzo ule bado kuna msherehesha. Kila sentensi unaimalizia kwa nguvu, silabi ya mwisho inasikika hadi meza ya nyuma ukumbini. Mpwa wako hakukosea; amemtambua anko kwa jinsi anavyomaliza sentensi, na hilo koo la kubana halikuweza kulificha.

Mkwaruzo ni rangi ya juu tu. Kuna kipimo rahisi cha kujua kama chini yake yupo mtu. Kwa sauti hiyohiyo ya kongoti, cheka. Kisha kohoa. Kisha mwite mtoto aliye ng'ambo ya maji. Kisha mnong'oneze. Ukiwa umebana koo utagundua kwamba huna pa kwenda, kwa sababu umeshatumia nafasi yote ya koo kwa ajili ya maneno ya kawaida: kicheko kitatoka cha kwako, na mwito utakukwaruza kweli. Mhusika ambaye hawezi kucheka bado hajapatikana, hata kama sentensi zake 5 za kwanza ni nzuri.

Sasa tuichukue ile sentensi yako. Acha koo kabisa, anza na hewa. Huyu ndege ana hewa kidogo, ila ana kiburi na hataki mtoto ajue. Kijana angesoma sentensi hiyo kwa pumzi moja, au angepumua kwenye mkato baada ya "limenyamaza", kama ulivyofanya wewe. Mzee hewa inamwishia mapema, baada ya "ziwa". Anavuta pumzi pale, lakini anaificha kwa kujifanya anatazama maji: "Ukiona ziwa..." kisha anatazama, "limenyamaza". Msikilizaji hasikii mtu anayehema, anasikia mtu anayefikiri, na bado umri umeingia. Kisha sehemu ya mwisho ianze na hewa iliyobaki tu, usiongeze nyingine, ili neno "mgongo" litoke likiwa karibu halina sauti. Utaona jinsi msikilizaji anavyosogeza sikio.

Pili, jiulize anataka nini. Maneno yanasema anamwonya mtoto kuhusu ziwa. Lakini ni jioni, mtoto anaondoka, na ndege huyu anabaki peke yake juu ya jabali. Kwa maoni yangu anaongeza onyo ili mtoto akae dakika moja zaidi. Ukilijua hilo hutamaliza sentensi kama tangazo, kwa sababu asiyetaka mazungumzo yaishe hashushi kimo cha sauti mwishoni. Anaiacha wazi kidogo.

Tatu, mwili. Nenda sokoni ukamtazame kongoti alivyosimama: shingo imeingia mabegani, mdomo mzito unaelekea kifuani, hafanyi haraka hata akifukuzwa. Rekodi ukiwa umekaa ukingoni mwa stuli, mabega yamepanda kidogo, taya limelegea. Taya likilegea, koo halibani, na maneno yanapoteza ule ukali wa kisherehesha bila wewe kuyalazimisha.

Jambo moja la lugha yetu, maana wengi huiga waigizaji wa Kimarekani bila kulitambua. Kiingereza kinamruhusu mwigizaji kukandamiza neno lolote ndani ya sentensi ili kubadilisha maana. Sisi mkazo wetu umekaa palepale, silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiuhamisha unasikika kama mgeni. Tunachobaki nacho ni kurefusha silabi hiyohiyo, kusita, na kupanga maneno upya. "Limenyamaaza" iliyovutwa kidogo inatosha kumtia mtoto baridi mgongoni. Usivute mengine.

FundiWaNyaya

Mama amemaliza upande wa uigizaji, mimi nina neno kuhusu wale "wazee wawili tofauti", kwa sababu nadhani kosa si la koo peke yake. Mleta uzi, nijibu maswali mawili. Tukio la kwanza ulirekodi saa ngapi, na la tano saa ngapi? Na ulikaa umbali gani kutoka kwenye maikrofoni kila siku?

SautiYaKirumba

La kwanza ilikuwa saa moja asubuhi, kabla magari hayajaanza kelele. La tano ilikuwa saa kumi jioni ya siku iliyofuata, na asubuhi yake nilikuwa nimetoka kurekodi tangazo lingine. Umbali sikupima. Nakumbuka siku ya kwanza nilisogea karibu sana kwa sababu nilitaka ingurume.

FundiWaNyaya

Basi jibu liko hapo. Sauti ya mtu akiamka iko chini kuliko ya jioni, kila mtu anajua alivyo akipokea simu alfajiri. Kwa hiyo ulianza na kongoti wa asubuhi ukamalizia na kongoti wa jioni. Juu ya hilo, maikrofoni za studio za aina inayosikiliza upande mmoja huongeza besi kadiri mdomo unavyoisogelea. Siku ya kwanza ulikuwa karibu ikakuongezea uzito, siku ya pili ulikaa mbali ikakunyima, na chumba nacho kikaingia.

Namna ya kutambua tofauti kati ya kosa la koo na kosa la umbali ni kusikiliza vitu visivyo maneno. Kwenye kipande cha kwanza, kila penye "p" na "b" kuna kishindo cha hewa, na pumzi zako zenyewe ni nzito. Kwenye cha tano pumzi ni nyembamba na ukuta unasikika nyuma ya maneno. Koo likibadilika, pumzi na ukuta havibadiliki. Vikibadilika vyote kwa pamoja, ni umbali.

Dawa yake ni shubiri moja. Nyoosha kiganja, kidole gumba kwenye midomo na kidole cha mwisho kwenye kichujio cha maikrofoni, kila siku, kila tukio. Mdomo usielekee katikati kabisa, uelekee pembeni kidogo ili hewa ya "p" ipite kando. Kwenye kupiga kelele rudi nyuma shubiri mbili na ugeuze uso. Na kabla hujaanza, sikiliza sentensi moja ya siku ya kwanza mliyokubaliana na mwongozaji kwamba huyo ndiye yeye, kisha irudie hadi zilingane, ndipo muendelee. Iweke kwenye simu. Sisi tunaiita funguo.

Mwl_Nansio

Salamu kutoka Ukerewe. Mimi si mtaalamu wa sauti, nafundisha darasa la tatu, lakini sentensi ile ilinivutia nikawasomea wanafunzi wangu jana, bila kuwaonyesha maandishi. Niliisoma kama Mama alivyoelekeza, pumzi baada ya "ziwa". Walikaa kimya vizuri sana. Kisha mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mgongo unalipwaje?"

Ndipo nilipolitambua tatizo. Kwa jicho, "usilipe" inaeleweka kwamba ni ziwa ndilo lisilopaswa kupewa mgongo. Kwa sikio, "usilipe" ni kutolipa deni, na watoto wa hapa wanalisikia neno hilo kwa maana hiyo kila siku dukani. Mkazo uko mahali palepale, kwa hiyo hakuna namna ya kuyatofautisha kwa kutamka. Niliwauliza wengine, na zaidi ya nusu ya darasa walidhani kongoti anazungumzia fedha.

MamaWaMichezo

Mwalimu, umenifundisha. Nimeichambua sentensi hiyo kwa aya nzima na sikulisikia hilo, kwa sababu niliisoma kwa macho kabla ya kuisema. Ningeomba mwandishi aibadilishe iwe "usiligeuzie mgongo". Inaongeza silabi tatu, na silabi tatu kwa mzee mwenye hewa kidogo si jambo dogo, lakini zinaweza kusaidia: zinamfanya alifikie "mgongo" akiwa ameishiwa kweli.

SautiYaKirumba

Ndiyo maana nilikuwa nairudia mara 30! Nilihisi kuna kitu hakikai sawa nikadhani ni mimi.

DrBesi

Nakubali kuhusu jitu na mzee, nimejaribu jana usiku na kweli nilipata jitu. Lakini nina pendekezo jingine. Huyu ni kongoti wa Mwanza. Mpeni lafudhi ya huku. Aseme "lafiki yangu" badala ya "rafiki yangu", watu watacheka na watampenda. Hata yule Shrek wa filamu ya 2001, Mike Myers alikuwa amesharekodi kwa sauti yake ya kawaida, kisha akaomba arudie yote kwa lafudhi ya Kiskoti, na ndiyo tunayoikumbuka.

Mwl_Nansio

Hapo tutatofautiana, ndugu yangu. Nina wanafunzi ambao nyumbani wanazungumza Kijita, Kikerewe na Kisukuma, na "l" na "r" zinawasumbua kila siku kwenye imla. Wakimsikia mzee wa katuni akikosea hivyohivyo huku ukumbi ukicheka, watajua wanachekwa wao. Isitoshe, mzee huyu ndiye mwenye hekima katika hadithi. Kwa nini hekima ivae kosa la matamshi?

MzeeWaBanda

Mimi ni Msukuma wa kuzaliwa na sioni tusi. Tunachekana wenyewe kwa wenyewe kila siku, na mjomba wangu aliyekuwa na hekima kuliko wote ukoo mzima alikuwa anasema "lafiki" hadi kaburini.

MamaWaMichezo

Nyote wawili mna hoja na sidhani kama nitaimaliza. Nitasema tu ninavyofanya mimi. Mahali pa mtu hapako kwenye kosa la herufi moja, pako kwenye wimbo wa sentensi. Mzee wa huku akisimulia, kuna namna anavyopanda katikati ya sentensi na kukaa juu kidogo kabla ya kushuka, na kuna ile "eeh" ya kuitikia mwenyewe anapojibu swali alilojiuliza. Ukichukua wimbo huo ukaacha "r" mahali pake, mtu wa Magu atasema "huyu wa kwetu", na mtu wa Tanga hatapata cha kudhihaki. Ila mzee MzeeWaBanda akisema mjomba wake alisema "lafiki", siwezi kumwambia mjomba wake hakuwepo.

NgamboYaZiwa

Naandika kutoka Kisumu, kwa hivyo mnisamehe lugha. Nina swali dogo kwa Mama na kwa fundi. Mnasisitiza sauti iwe moja tangu mwanzo hadi mwisho, na funguo ya simu. Lakini dada yetu Lupita Nyong'o alipoigiza roboti Roz kwenye filamu ya The Wild Robot ya 2024, sauti haikubaki moja. Mwanzoni iko angavu na nadhifu, kama zile sauti za simu zinazokuambia ubonyeze namba, na aliwahi kueleza kwamba alianzia kwenye sauti za aina hiyo. Kadiri roboti anavyomlea yule bukini, inalegea na kupata joto, na huwezi kuonyesha ni sentensi gani iligeuka. Je, kama angekuwa na funguo moja, si angekwama?

MamaWaMichezo

Swali zuri, na linanirudisha kwenye mwendo na pumzi. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi, na kwa filamu kubwa mwigizaji huitwa na kurudishwa mara nyingi katika muda mrefu. Kwa hiyo badiliko la polepole kama lile haliwezi kuachwa litokee lenyewe. Mtu lazima ajue leo tuko hatua ya ngapi. Mimi ningeweka funguo tatu au nne, moja kwa kila hatua, na nisingezitofautisha kwa koo. Roz wa mwanzo hana pumzi inayosikika na kila neno lina uzito sawa na jirani yake, kwa sababu mashine haichagui neno lililo muhimu. Siku anapoanza kusita kabla ya neno, tayari kuna mtu ndani yake. Koo la Lupita ni lilelile.

Kwa kongoti wetu, ambaye habadiliki sana ndani ya dakika 11, funguo moja inatosha, labda na ya pili kwa tukio la mwisho.

Mwl_Nansio

Nisamehewe kwa kurudi tena, lakini nina jambo la kongoti mwenyewe. Hapa visiwani tunao wengi, na mtakubaliana nami kwamba ni ndege ambaye karibu hana sauti. Hapigi mlio kama furukombe. Akitaka kusema kitu hugonganisha mdomo wake mkubwa: ta, ta, ta. Je, mzee wenu asingeweza kugonga mdomo mara moja kabla ya kuanza kusema?

SautiYaKirumba

Mwalimu, nimejaribu sasa hivi hapa mezani na mke wangu amegeuka. Nimebandika ulimi kwenye kaakaa nikauachia, mara moja, kavu, kisha "Ukiona ziwa...". Kuna kitu. Ni kama anafungua mlango kabla ya kusema.

FundiWaNyaya

Kama fundi, nakuomba usifanye hivyo kwenye rekodi. Mlio wa mdomo wa ndege ni kazi ya mtu wa vishindo, atagonganisha vipande viwili vya mbao baadaye na kuuweka sawasawa na picha. Ukiurekodi pamoja na maneno, hatuwezi kuutoa wala kuusogeza, na ulimi unasikika kama ulimi, si kama mdomo wenye urefu wa mkono. Tayari tunahangaika kuondoa vimlio vya mate.

MamaWaMichezo

Kwa heshima, fundi, nadhani afanye. Mbao zitaongezwa juu yake baadaye mkitaka. Lakini akiugonga mwenyewe, mwili wake unajiandaa kusema, na sentensi inayofuata inatoka tofauti na ile isiyo na mlio wa ulimi. Ukimnyima, utapata mlio mzuri wa mbao ukifuatiwa na mtu ambaye hakuugonga. Rekodini namna zote mbili.

FundiWaNyaya

Namna zote mbili ni muda, Mama, na chumba chenyewe kina paa la bati. Ila nimekuelewa.

SautiYaKirumba

Narudi baada ya siku tisa na taarifa.

Mwandishi alikubali "usiligeuzie mgongo" bila ubishi baada ya kusikia kisa cha deni. Tulirudia matukio manne kati ya saba, yote saa mbili asubuhi, shubiri moja, funguo kwenye simu. Sikubana koo hata kidogo. Nilirekodi saa moja na nusu na jioni yake nikasherehesha kikao cha harusi kama kawaida. Kuhusu yule mtoto, anaigizwa na binti wa miaka 24, na niliomba aje asimame upande wa pili wa chumba anisomee sentensi zake badala ya mwongozaji kuzisoma kwa haraka kwenye spika. Ile "anaondoka" ilikuwa rahisi kuiamini alipokuwa kweli anaelekea mlangoni.

Pumzi baada ya "ziwa" ilinisumbua. Mara kumi za kwanza ilisikika kama mtu aliyesahau maneno. Ilikaa sawa nilipoacha kuihesabu na kutazama kweli dirishani, ambako kwa bahati maji yanaonekana kipande kidogo kati ya nyumba mbili. Mwongozaji amechagua ile ya 14.

Niliwasikilizisha wapwa zangu tena. Mkubwa hakumtaja anko. Aliuliza, "Mbona hamalizi kusema?" Sijui kama hiyo ni sifa au lawama, na mwongozaji naye hajui.

Ambalo halijakaa ni tukio la saba, kongoti anapopiga kelele kumwita mtoto dhoruba inapoanza. Nikipiga kelele, msherehesha anarudi palepale, na mwishoni mwa neno unamsikia akiita wakwe ukumbini.

MamaWaMichezo

Ameita kwa sauti nzima, ndiyo maana. Mzee mwenye hewa kidogo hawezi kuita jina refu. Jina la mtoto ni nani?

SautiYaKirumba

Masalakulangwa.

MamaWaMichezo

Basi hawezi. Atalikata. "Masala!" kisha pumzi, kisha "Masala!" tena, fupi zaidi ya ile ya kwanza. Ya tatu ibaki mlio wa mdomo peke yake, kama mwalimu alivyosema, kwa sababu hewa imekwisha na mdomo ndio uliobaki. Uirekodi mwisho wa siku, baada ya maneno yote mengine, na usiirudie zaidi ya mara nne.

FundiWaNyaya

Kwa tukio hilo namruhusu ulimi. Jumamosi, saa mbili asubuhi, shubiri mbili na uso pembeni. Mvua ikinyesha tusisumbuane, tutaahirisha.